Je, Mkakati Wako Una Faida ya Kweli?

Haya ndiyo niliyoyasema mbele ya watu wanaofanya biashara ya sarafu za kigeni mtandaoni, tulipokusanyika ukumbini Tononoka hapa Mombasa. Wengi waliokosa kufika wameyaomba, kwa hiyo nayaweka yote hapa, isipokuwa picha za ukutani.

Assalaam aleikum. Wazee wetu, dada zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, hamjambo?

Nina swali. Mkakati wako unashinda mara ngapi kati ya kumi? Naona mikono. Saba. Sita. Nane, mashallah. Huyu bwana anasema tisa. Vizuri. Sasa nina swali la pili: kila unapoweka dola moja hatarini, kwa wastani inakurudishia senti ngapi juu yake?

Mbona mikono imeshuka?

Swali la kwanza kila mtu ana jibu lake. Swali la pili, ambalo ndilo linaloamua kama mwakani utakuwa na mtaji au huna, halina mwenye jibu. Leo sikuja kuwafundisha mkakati wowote. Nimekuja kuzungumza juu ya swali hilo la pili tu: unalijibu vipi kwa kutumia tredi zako za nyuma, na jibu ukishalipata, unaliamini kwa kiasi gani.

Kuna dada mmoja wa Bamburi alinijia na daftari lake. Katika kila tredi kumi alikuwa akishinda tisa, na daftari halikuwa na uongo, nililikagua mwenyewe. Akipata dola 5 anafunga haraka. Bei ikimwendea kinyume, hafungi, anasubiri irudi. Mara nyingi inarudi kweli, ndiyo maana anashinda tisa. Lakini ile ya kumi hairudi, na anapokuja kuifunga kwa kuchoka, imeshamla dola 60.

Hebu tuhesabu pamoja. Tredi tisa kwa dola 5 ni dola 45. Tredi moja imechukua 60. Katika kumi amepoteza dola 15, yaani dola moja na nusu katika kila tredi anayoifungua. Kila tredi! Hata zile anazoshinda, kwa hesabu ya muda mrefu, zinamgharimu dola moja na nusu. Kwa jinsi anavyopata 5 na kupoteza 60, angehitaji kushinda zaidi ya mara 92 kati ya 100 ili asipoteze chochote. Tisa kati ya kumi ni mara 90. Hazitoshi.

Hesabu tuliyoifanya ndiyo kanuni ya tarajio. Ukiiandika inakuwa hivi:

```
Tarajio = (P × F) − (Q × H)
```

P ni sehemu ya tredi zilizoshinda, F ni wastani wa faida katika hizo zilizoshinda, Q ni sehemu ya zilizopoteza, na H ni wastani wa hasara katika hizo zilizopoteza. Kwa dada yetu: 0.9 mara 5 ni 4.5, 0.1 mara 60 ni 6. Toa, unabaki na dola 1.5 chini ya sifuri. Hakuna hesabu ngumu hapo. Mtoto wa darasa la saba anaiweza.

Ugumu haupo katika kanuni. Ugumu upo katika namba tunazozitia ndani yake, na hapo ndipo nataka tukae.

Jambo la kwanza, msihesabu kwa dola. Nambieni, kama Jumatatu ulifungua loti ndogo na Alhamisi ukafungua loti mara kumi yake kwa sababu ulijisikia vizuri, wastani wa dola zako unapima nini? Unapima ukubwa wa loti ya Alhamisi. Mkakati haumo humo. Kwa hiyo kila tredi ipimwe kwa hatari yake yenyewe. Pale unapoingia, kikomo chako cha hasara kiko umbali fulani. Umbali huo, kwa loti uliyofungua, ni fedha kiasi fulani. Fedha hiyo tuiite R moja. Ukiweka dola 10 hatarini ukapata 20, umepata R 2. Ukipigwa kwenye kikomo, umepoteza R 1. Na R ni ile ya mwanzo, ulipoingia. Ukikisogeza kikomo baadaye, R haisogei nacho.

Asiyeweka kikomo, kama dada yetu wa Bamburi, hana R. Huyo hawezi kupimwa, na mimi sina la kumwambia zaidi ya kumwomba aanze kukiweka.

Sasa niwaletee kisa kikubwa cha leo. Kijana mmoja wa Likoni, nimeomba ruhusa yake na hakutaka nimtaje jina, alikuwa na mkakati wa wazi kabisa. Anafanya jozi moja tu, EUR/USD. Anaangalia bei ilipozunguka usiku na alfajiri, anachora mstari juu na mstari chini. London inapofunguka, ambayo kwetu majira yao ya joto ni saa nne asubuhi, anasubiri bei ivunje upande mmoja na anaingia upande huohuo. Kikomo cha hasara pipsi 15. Lengo la faida pipsi 30, yaani R 2. Ikifika saa kumi na mbili jioni bila bei kugusa kikomo wala lengo, anafunga hapo ilipo. Kanuni nzuri, zinaandikika, mtu mwingine akipewa anaweza kuzifuata. Kwa muda wa miezi miwili hivi alikusanya tredi 40.

Matokeo yake yalikuwa haya. Tredi 16 zilishinda na 24 zilipoteza. Zilizoshinda jumla yake ilikuwa R 35. Zilizopoteza jumla yake ilikuwa R 25. Alibaki na R 10 mkononi. Gawanya kwa 40: robo ya R kwa kila tredi.

Ukitaka kuhakiki kwa kanuni yetu, P ni 0.4 na F ni 35 gawanya kwa 16, karibu 2.19. Q ni 0.6 na H ni 25 gawanya kwa 24, karibu 1.04. Inatoka 0.25, ileile.

Robo ya R! Mnajua maana yake? Ukiweka dola 100 hatarini katika kila tredi, unatarajia dola 25 kwa kila moja, na yeye anafungua karibu ishirini kwa mwezi. Kijana alikuwa ameshapiga hesabu. Alikuwa akizungumza na mjomba wake amkopeshe mtaji. Kabla hajaenda kwa mjomba, alikuja kwangu na karatasi zake, na tukakaa.

Swali la kwanza nililomuuliza: bei hizi umezitoa wapi? Akasema, kwenye chati. Bei ya kuingia ameisoma kwenye chati, bei ya kutoka ameisoma kwenye chati. Basi gharama hazimo. Kwenye chati kuna bei moja, lakini unaponunua kwa broka unapewa bei ya juu kidogo na unapouza unapewa ya chini kidogo. Hiyo ni spredi. Juu yake kuna komisheni. Tukafungua taarifa ya akaunti yake, tukalinganisha, tukaona kwa wastani kila tredi inamgharimu pipsi moja na nusu kwenda na kurudi. Inaonekana ni kitu kidogo, sivyo? Lakini kikomo chake ni pipsi 15. Moja na nusu katika 15 ni sehemu ya kumi ya R. Katika kila tredi, iwe imeshinda au imepoteza, amelipa 0.1.

Robo ikawa 0.15. Karibu nusu ya faida imekwenda, na bado hatujaugusa mkakati wenyewe.

Hapa niseme neno kwa ndugu zetu wengi wa hapa pwani wanaotumia akaunti zisizo na riba ya kulaza tredi usiku. Broka wengi hujirudishia ile riba kwa kuwapa spredi pana zaidi, au kwa kutoza ada kila usiku baada ya siku kadhaa. Sisemi msizitumie. Nasema gharama iandikwe popote ilipo. Na taarifa ya akaunti iwe ya broka mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kanuni za biashara hii zipo Kenya tangu 2017, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwa kila mtu kuitazama.

Tuendelee. Swali la pili nililomuuliza kijana: nionyeshe tredi yako kubwa kuliko zote. Akanionyesha. R 9. Pipsi 135 katika tredi moja.

Nikamuuliza, si ulisema lengo lako ni R 2? Hii 9 imetoka wapi?

Akanisimulia. Asubuhi ile aliingia, akaweka kikomo cha hasara, na kabla hajaweka lengo la faida simu ikaishiwa chaji. Akaingia kwenye feri akenda zake kazini. Saa tisa na nusu alasiri zikatoka takwimu za mfumuko wa bei za Marekani, bei ikaruka upande wake, na alipowasha simu jioni alikuta fedha ambazo hakuzitarajia. Alhamdulillahi, ni riziki yake. Lakini je, riziki hiyo ni ya mkakati?

Sikilizeni vizuri, maana hapa wengi hukosea pande zote mbili. Kuna wanaosema, tredi kubwa ifutwe tu kwa sababu ni bahati. Sikubaliani nao. Kuna mikakati ya kufuata mwelekeo wa bei ambayo inaishi kwa tredi kubwa chache; ukizifuta umeufuta mkakati wenyewe. Tredi kubwa haifutwi kwa ukubwa wake. Inaulizwa: ulifuata kanuni? Kama kanuni ilisema shikilia mpaka mwelekeo ugeuke, na ukashikilia, hiyo R 9 ni yako halali na inabaki kwenye hesabu. Ya kijana wetu kanuni ilisema funga kwenye R 2. Bei ilipita R 2. Kwa hiyo tredi ile, kwa mkakati ulivyoandikwa, ni R 2. Zile 7 za juu zililetwa na betri.

Jumla ikashuka kutoka R 10 hadi R 3.

Lakini haki iende pande zote. Kama tunaondoa bahati njema iliyotoka nje ya kanuni, tunaondoa na bahati mbaya iliyotoka nje ya kanuni. Katika zilizopoteza kulikuwa na tredi nne za R 1.5. Zimepitaje kikomo cha R 1? Mbili alikisogeza kikomo kwa mkono wake, akitumaini bei itarudi. Hizo tukazirudisha kuwa R 1, na akapata nusu mara mbili, R 1 nzima. Mbili nyingine bei iliruka wakati wa habari na broka akamtoa mbali na kikomo. Hizo tumeziacha kama zilivyo. Kuruka kwa bei ni sehemu ya soko, kutatokea tena. Kisha tukapitia chati moja moja kuona kama kuna tredi iliyoshinda kwa sababu kikomo kilisogezwa ikaponea. Hakukuwa nayo. Ingekuwepo, nayo ingegeuzwa kuwa hasara, na hapo hata kama roho inauma hakuna kusitasita.

Jumla sasa: R 4 katika tredi 40. Sehemu ya kumi ya R kwa kila tredi. Na gharama ya kila tredi ni ngapi? Sehemu ya kumi ya R.

Sifuri.

Ndugu zangu, tulianza na robo ya R na mkopo wa mjomba. Tumeishia sifuri, na hatukubadilisha hata bei moja sokoni. Tumeuliza maswali matatu tu: gharama ziko wapi, hii ni kanuni au ni ajali, na je, tumepima hasara kwa jicho lilelile tulilopimia faida.

Kijana akanyamaza. Halafu akaniuliza swali zuri sana, na ninataka nalo tulijibu vizuri. Akasema: kwa hiyo mwalimu, mkakati wangu hauna kitu?

Hapana. Sikusema hivyo, na hesabu haisemi hivyo.

Tredi 40 ni sampuli. Zimechotwa kutoka kwa tredi zote ambazo mkakati ule ungeweza kuleta. Angeanza wiki tatu baadaye, angepata 40 nyingine na wastani mwingine. Wastani unayumba. Swali ni, unayumba kwa kiasi gani? Na hili linahesabika. Kwanza unapima jinsi matokeo yalivyotawanyika, moja iko hapa juu, nyingine kule chini. Kisha unagawanya mtawanyiko huo kwa kipeuo cha pili, yaani skwea ruti, ya idadi ya tredi. Kama R zako umeziandika kwenye safu ya B, jedwali la kompyuta au la simu linakufanyia kazi yote:

```
=AVERAGE(B2:B41)
=STDEV.S(B2:B41)/SQRT(COUNT(B2:B41))
```

Mstari wa kwanza ni tarajio lako. Mstari wa pili ni kiasi ambacho tarajio hilo linayumba, tukiite yumbo. Kwa desturi tunaweka yumbo mbili juu na yumbo mbili chini, na ndani ya nafasi hiyo ndipo ukweli unapoelekea kuwa.

Turudi kwenye karatasi za kijana kabla hatujazisafisha, ila tutoe gharama tu. Tarajio 0.15. Matokeo yalitawanyika karibu R 2, sana kwa sababu ya ile tredi ya 9. Gawanya kwa ruti ya 40, yumbo ni karibu 0.31. Mbili ni 0.63. Basi ukweli ulikuwa popote kati ya karibu 0.48 chini ya sifuri na 0.78 juu yake. Mtu anayepoteza karibu nusu ya R kwa kila tredi angeweza kuandika karatasi ileile. Mtu anayetengeneza robo tatu ya R angeweza kuandika karatasi ileile. Karatasi haikuweza kuwatenganisha.

Na baada ya kusafisha? Mtawanyiko ulishuka hadi 1.39, kwa sababu ile 9 haipo tena. Yumbo ikawa 0.22. Sifuri, jumlisha au toa 0.44. Kwa hiyo huenda mkakati una faida ya kweli ya 0.2, huenda unakula mtaji kwa 0.2. Tredi 40 hazijui.

Ni ngapi zinatosha? Hapa hakuna namba moja ya kila mtu, na anayewaambia thelathini zinatosha awaonyeshe hesabu yake. Inategemea ukubwa wa faida unayotafuta ukilinganisha na mtawanyiko. Chukua mtawanyiko, zidisha kwa mbili, gawanya kwa tarajio, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Kwa ile karatasi ya kwanza, mtawanyiko 1.98 na tarajio 0.15, inatoka karibu tredi 700. Kwa mwendo wake wa ishirini kwa mwezi ni karibu miaka mitatu. Lakini mkakati wenye tarajio la nusu R na mtawanyiko wa 1.4 unajionyesha kwa tredi kama 31 tu. Faida kubwa hujitokeza mapema. Faida nyembamba hujificha kwa muda mrefu. Na wengi wetu humu, tuseme ukweli, tuna faida nyembamba, kama tunayo.

Na hesabu hii inadhani kila tredi inasimama peke yake. Ukinunua EUR/USD na GBP/USD kwa dakika ileile, zote mbili umeuza dola ya Marekani. Dola ikipanda zinapigwa pamoja. Umeandika tredi mbili, lakini ushahidi ulionao ni wa moja na kidogo. Mwenye jozi tano za namna hiyo na tredi 200 huenda ana ushahidi wa tredi 60 au 80. Namna rahisi ya kujilinda ni kujumlisha tredi zote za saa moja au siku moja ziwe mstari mmoja, kisha ndipo uhesabu.

Kuna njia nyingine sampuli inavyodanganya, na hii inawapata hasa wale hodari wa kompyuta. Ndugu mmoja hapa mjini alijaribu mipangilio ishirini ya mkakati mmoja juu ya chati za mwaka mzima. Kikomo cha 10, cha 12, cha 15. Lengo hili, lengo lile. Saa hii, saa ile. Mmoja ukatoka mzuri mno, zaidi ya yumbo mbili juu ya sifuri, akauchukua. Mnajua muuza machungwa pale Kongowea anavyofungua gunia, mazuri yote yako juu? Ndugu yetu alilipanga gunia lake mwenyewe, kisha akalinunua mwenyewe.

Tupige hesabu. Chukua mkakati usio na faida yoyote, sifuri kabisa. Nafasi ya kuupima mara moja ukaonekana uko yumbo mbili juu ni kama mara 2.5 katika 100. Ndogo. Lakini ukiwa na mikakati ishirini ya namna hiyo, nafasi ya kupata angalau mmoja unaong'aa ni karibu 40 katika 100. Mipangilio yake inafanana, kwa hiyo nafasi ni pungufu kidogo ya hiyo, lakini bado ni kubwa. Aliyejaribu ishirini na kukuonyesha mmoja amekuonyesha bahati, mpaka athibitishe vinginevyo. Uthibitisho wake ni upi? Kabla hujaanza, kata data yako sehemu mbili. Sehemu ya kwanza jaribu utakavyo. Sehemu ya pili usiifungue. Ukishachagua mpangilio mmoja, ipitishe sehemu ya pili mara moja tu, na jibu litakalotoka hapo ndilo tarajio lako. Ukirudi kurekebisha baada ya kuiona, umeichafua, na itabidi utafute data nyingine.

Ndugu yetu alifanya hivyo kwa chati za mwaka uliofuata. Tarajio lililokuwa 0.35 likashuka hadi chini kidogo ya sifuri.

Sasa nirudi kwa kijana wa Likoni, kwa sababu najua mnataka kujua alifanya nini. Kwa mjomba hakwenda. Mkakati hakuutupa pia, na nadhani alifanya vyema. Aliamua kununua ushahidi kwa bei ya chini kabisa. Loti ndogo, 0.01, kwa EUR/USD kila pipsi ni senti 10 za dola. Kikomo cha pipsi 15 ni dola moja na nusu. Gharama ya spredi na komisheni ni senti 15. Kama mkakati wake kabla ya gharama ni sifuri kabisa, tredi 160 zaidi zitamgharimu kama dola 24 kwa wastani. Hiyo ndiyo bei ya kujua.

Alitaka kupanua kikomo kiwe pipsi 30, kwa sababu aliona kwamba gharama ingeshuka kutoka 0.1 hadi 0.05 ya R. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Lakini nilimwambia, huo ni mkakati mwingine. Bei itagusa kikomo mara chache, itafika lengo mara chache, zaidi zitafungwa na saa ya jioni. Zile 40 za mwanzo hazisemi lolote juu yake. Kama anautaka, auanzie ukurasa wake. Akachagua kubaki na wa 15.

Na lengo la faida sasa linawekwa pamoja na kikomo katika agizo moja, kabla simu haijarudi mfukoni.

Tukaandika na namba ya kusimama, kabla ya tredi ya 41. Tredi 200, bila kuchungulia katikati na kusema leo naonekana vizuri basi naongeza loti. Ukichungulia kila wiki, utaikuta wiki moja ya kukufurahisha, na ukisimama hapo umejidanganya kwa namna ileile ya mipangilio ishirini. Kwa mtawanyiko wa 1.39, kwenye tredi 200 yumbo itakuwa karibu 0.1. Basi makubaliano ni haya. Wastani baada ya gharama ukiwa 0.2 au zaidi, ataongeza loti hadi dola 5 kwa tredi na kuendelea kuandika. Ukiwa chini ya sifuri, anaufunga. Ukiwa katikati, anaendelea na 0.01 hadi 400, ambapo yumbo itashuka hadi 0.07, na anauliza tena.

Alipokuja juzi alikuwa na tredi 118. Wastani wake sikumuuliza, wala yeye hakunitajia. Nilichomwomba ni safu zake: tarehe, upande, bei aliyoingilia, kikomo cha mwanzo, bei aliyotokea kwa mujibu wa taarifa ya broka, gharama, na alama ya kama kanuni ilifuatwa au la. Nikakuta safu ya mwisho ina alama mbili tu za kutofuata, zote za wiki ya kwanza.

Haya, maswali. Bwana wa tisa kati ya kumi, tuanze na wewe: wastani wa ile ya kumi ni ngapi?